Ankara ya Picha na Hesabu Inayojikagua

Mzigo wa vifaa vya ujenzi ukitoka Kariakoo kwenda duka la mkoani, mara nyingi karatasi yake haiko tayari mkononi mwa mwenye duka. Iko kwa dereva, imekunjwa mara nne mfukoni mwa utingo, au imebaki kwa muuzaji wa jumla pamoja na ahadi kwamba itakuja na gari lijalo. Kinachofika kwanza ni picha: ankara imewekwa juu ya gunia, imepigwa kwa pembe, na kivuli cha simu kimeangukia safu ya bei. Kwa picha hiyo mwenye duka anataka kujua kaletewa nini, vingapi, na kila kimoja kimemgharimu kiasi gani, tena anataka vyote vikae kwenye lahajedwali ili kesho apange bei ya kuuzia bila kukodolea simu macho.

Kusoma maandishi ya picha kwa programu si jambo geni tena. Programu ya Excel ya simu imekuwa na kitufe cha kugeuza picha kuwa jedwali tangu 2019, kinaitwa `Data from Picture`. Unapiga picha, unakata kingo zisizohitajika, programu inakuonyesha ilichosoma na kukuwekea rangi sehemu inazozitilia shaka, kisha unakubali. Hufika hapo kwa dakika moja au mbili. Kazi yenyewe huanza baada ya hapo, kwa sababu programu haijui kama nondo inaweza kuuzwa shilingi 24 au kama vitasa 24 vinaweza kugharimu milioni tatu. Inajua maumbo ya herufi tu. Mwenye kujua biashara ni wewe, na bahati nzuri ankara yenyewe inakusaidia: kiasi kikizidishwa kwa bei hutoa jumla ya mstari, na jumla za mistari zikijumlishwa hutoa jumla ya chini. Kila karatasi ya namna hiyo hubeba majibu yake. Anayezitumia hesabu hizo mbili hukamata makosa mengi kuliko anayesoma kwa kidole mstari kwa mstari hadi macho yachoke.

Lakini kwanza picha. Programu hufanya kazi mbili ndani ya picha hiyo: inatambua herufi, halafu inakisia mpangilio, yaani namba ipi iko safu ipi. Kazi ya pili ndiyo inayoharibika kirahisi. Karatasi ikiwa na mkunjo unaopita katikati ya mstari, au simu ikiwa imeinama, mstari wa bidhaa huanza juu kushoto na kuishia chini kulia, na bei ya vitasa inaangukia kwenye bawaba. Kwa hiyo inyooshe karatasi juu ya meza, simama ili simu iwe juu yake sawasawa, tumia mwanga wa dirishani badala ya taa iliyo nyuma ya kichwa chako, na hakikisha pembe zote nne zinaonekana. Kama picha inatumwa na mtu mwingine, mwombe aitume WhatsApp kama `Document` badala ya kuituma kama picha ya kawaida. Picha ya kawaida hubanwa ili isile bando, na kinachopotea katika kubanwa ni vitu vidogo: nukta, mkato, na mkia wa namba 7.

Ankara za kitabu cha nakala ya kaboni, zilizoandikwa kwa mkono, ni habari nyingine. Nakala ya pili huwa ya bluu hafifu, mwandiko una haraka, na chini ya neno "nondo" mwandishi ameweka vijialama viwili kumaanisha "kama hapo juu". Programu hukutana na alama hizo na kuandika namba 11. Ankara ya mkono yenye mistari mitano iandike mwenyewe. Utamaliza kabla ya kumaliza kusahihisha. Hapa tuzungumzie iliyochapwa.

Kabla ya kuingiza chochote, panga jedwali. Wengi huiga sura ya karatasi: jina la muuzaji juu, mstari mtupu, kichwa cha habari kilichounganishwa seli nne, kisha bidhaa, kisha jumla chini. Sura hiyo inapendeza macho lakini huwezi kuichuja wala kuipanga. Jedwali safi lina mstari mmoja kwa kila bidhaa na jambo moja kwa kila seli. Tarehe, muuzaji na namba ya ankara hurudiwa kwenye kila mstari, hata kama ni mistari arobaini ya ankara moja, kwa sababu miezi mitatu baadaye utataka kuuliza waya tuliununua kwa nani na kwa bei gani, na mstari usio na jina la muuzaji hauwezi kujibu. Tuseme safu zimekaa hivi: A ni tarehe, B muuzaji, C namba ya ankara, D bidhaa, E kipimo, F kiasi, G bei ya kimoja, H jumla ya mstari kama ilivyo kwenye karatasi, na I ni ya ukaguzi. Jumla kuu ya ankara haiingii humu; iandike pembeni, nje ya jedwali.

Tarehe iandike 2025-04-03. Ukiandika 03/04/2025, simu iliyowekwa utaratibu wa Marekani itaielewa kuwa tarehe 4 Machi, na hakuna rangi itakayokuonya.

Sasa tuchukue ankara ya mfano, yenye bidhaa saba, bei zikiwa kabla ya kodi. Karatasi inasema hivi: misumari inchi 4, katoni 6 kwa 62,500, jumla 375,000. Rangi nyeupe ya maji, ndoo 8 kwa 58,000, jumla 464,000. Vitasa 24 kwa 13,500, jumla 324,000. Bawaba inchi 4, dazani 10 kwa 18,000, jumla 180,000. Bomba la plastiki inchi 1/2 la presha ya juu, vipande 40 kwa 7,500, jumla 300,000. Waya wa umeme wa milimita 2.5, rola 7 kwa 118,000, jumla 826,000. Gundi ya bomba, makopo 15 kwa 3,200, jumla 48,000. Chini kuna 2,517,000, kisha kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 ya Tanzania Bara, 453,060, na mwisho 2,970,060.

Programu imesoma. Safu I inapewa kanuni moja, inayovutwa hadi chini:

```
=F2*G2-H2
```

Ikitoa sifuri, mstari umekubaliana na nafsi yake. Isipotoa sifuri, kuna namba moja kati ya tatu iliyosomwa vibaya, na mara nyingi zile mbili nyingine zinakuambia ni ipi.

Mstari wa rangi unatoa `#VALUE!`. Programu imesoma 8 kama herufi B. Hili ndilo kosa la kirafiki kuliko yote, maana linapiga kelele lenyewe. Ndugu zake ni sifuri iliyogeuka O na 5 iliyogeuka S.

Mstari wa waya unatoa -708,000. Kiasi kimeingia 1 badala ya 7, kwa sababu mkia wa 7 umepotea. Hapa huhitaji hata kurudi kwenye picha ili kukisia: 826,000 ukiigawa kwa 118,000 unapata 7 kamili. Mgawanyo ukitoka namba nzima, hiyo karibu hakika ndiyo namba iliyokuwa kwenye karatasi. Ukitoka 6.83, jua kosa liko kwingine. Hata hivyo rudi kwenye picha uitazame, kwani hesabu imekuonyesha pa kutazama, na picha ndiyo inayothibitisha.

Mstari wa vitasa unatoa 2,916,024, na kosa lake ni la kwetu kabisa. Wauzaji wetu huandika bei kwa mtindo wa 13,500/=, na programu huuona ule mkwaju kama namba 1. Alama ya usawa ikishaondolewa kinabaki 135001, yaani bei imekuwa mara kumi na kuongezewa moja. Ukiona bei inayoishia na 1 kwenye ankara ambayo kila kitu kingine kinaishia na sifuri, shuku mkwaju kwanza. Kuna namna nyingine ya kosa hili iliyojificha zaidi: mkwaju ukiwa umesomwa 1 kwenye bei na kwenye jumla pia, tofauti inakuwa ndogo ya kushangaza. Kwa vitasa 24 ingekuwa 23. Kila mara huwa kiasi ukitoa moja, na mtu asiyejua anaweza kudhani ni senti za kukadiria akaiachia ipite.

Alama hizo zikisomwa vizuri nazo zina tatizo lake. Seli yenye 13,500/= kwa Excel ni maandishi, si namba, hivyo lazima isafishwe. Kwenye safu ya pembeni unaweza kuandika:

```
=VALUE(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(G2,"/=",""),",",""))
```

Kanuni hiyo inaondoa /= na mikato, kisha inageuza kilichobaki kuwa namba. Namba zikikaa jedwalini zisiwe na Sh wala mkato ulioandikwa kwa mkono. Mkato wa maelfu uache uwe wa sura tu, unaowekwa na mpangilio wa seli.

Mstari wa bomba haujatoa kosa la hesabu, ila umejigawa. Maelezo yake yalikuwa marefu yakashuka mstari wa pili, na programu ikatengeneza mistari miwili: wa kwanza una bomba na namba zake, wa pili una maneno "presha ya juu" bila kiasi wala bei. Mstari wenye jina lakini hauna namba karibu daima ni mkia wa mstari wa juu yake. Unganisha maneno, futa mkia. Pale pale kuna mtego wa pili: kama programu imeitenga ile 1/2 kwenye seli yake, Excel itaigeuza kuwa tarehe, 1 Februari au 2 Januari kulingana na mpangilio wa kifaa. Duka la vifaa linaishi kwa nusu na robo tatu, kwa hiyo safu ya bidhaa iwekwe kuwa ya maandishi, `Text`, kabla ya kubandika chochote.

Baada ya marekebisho hayo safu I ina sifuri tupu, na hapa ndipo watu wengi hufunga simu. Usifunge. Jumlisha safu H:

```
=SUM(H2:H8)
```

Inatoka 2,094,375. Karatasi inasema 2,517,000. Zinapungua 422,625, na kila mstari unadai uko sawa.

Sababu ya kwanza ni gundi. Seli yake ya jumla inaonyesha 48,000 lakini Excel inaihesabu kuwa maandishi. Unapoitumia kwenye kutoa au kuzidisha, Excel huyageuza maandishi hayo kuwa namba kimyakimya, ndiyo maana ukaguzi wa mstari ukatoa sifuri. Lakini `SUM` inapopita juu ya safu hairukii kuyageuza. Inayaruka yenyewe kama hayapo. Utayatambua kwa jinsi yanavyokaa: namba hujisogeza kulia mwa seli, maandishi hukaa kushoto, na kwenye kompyuta pembe ya seli huwa na pembetatu ndogo ya kijani. Ukitaka uhakika, `=ISNUMBER(H8)` itakujibu `TRUE` au `FALSE`. Igeuze kuwa namba, na pengo linashuka hadi 374,625.

Sababu ya pili ni misumari. Programu imeona mkato wa maelfu kama nukta. Bei ikaingia 62.500, yaani shilingi sitini na mbili na nusu, na jumla ikaingia 375.000, yaani shilingi 375. Sita mara 62.5 ni 375, kwa hiyo mstari umejithibitisha kwa uongo. Makosa mawili yamekwenda pamoja mkono kwa mkono yakapita mlangoni. Jumla ya chini peke yake ndiyo iliyoyakamata, na pengo la 374,625 ni 375,000 ukitoa 375. Baada ya kulikuta kosa hili mara moja, watu wa stoo huongeza ukaguzi mwepesi: panga safu ya bei kutoka ndogo kwenda kubwa na utazame mistari ya juu. Katoni ya misumari kwa shilingi 62 itakuwa imekaa kileleni.

Sasa jumla ni 2,517,000. Kama pengo lingebaki na likalingana kabisa na jumla ya mstari mmoja wa karatasi, maana yake ni kwamba mstari huo umerukwa, jambo linalotokea sana kwa mstari wa mwisho uliokaribiana na mhuri. Na kama pengo linagawanyika kwa 9 bila baki, watunza vitabu wa zamani watakuambia utafute namba mbili zilizobadilishana nafasi, kama 3,200 iliyoandikwa 2,300. Hilo ni kosa la vidole vya binadamu zaidi kuliko la programu, lakini kwa kuwa umekuwa ukisahihisha kwa mkono, huenda vidole ni vyako.

Kuna pia hali ambayo picha imesomwa sawasawa na hesabu bado haikubali, kwa kuwa aliyeandika ankara ndiye aliyekosea. Hapo usiisahihishe safu H ili ipendeze. Acha namba ya karatasi ilivyo, andika tofauti kwenye safu ya maelezo, na mpigie muuzaji. Jedwali linalorekebisha karatasi kimyakimya litakuaibisha siku mtakapokaa kulinganisha madeni.

Kabla ya kupiga simu, hata hivyo, tazama kodi. Katika mfano huu mistari inajumlishwa kuwa kiasi cha kabla ya kodi. Ankara nyingine huweka bei zilizokwisha kuingizwa kodi, na utajua kwa sababu mistari hujumlishwa moja kwa moja kuwa jumla ya mwisho kabisa. Hizo mbili zisichanganywe kwenye safu moja. Na gharama yenyewe inategemea wewe ni nani: duka lililosajiliwa kwa VAT hudai kodi ya manunuzi, hivyo rola ya waya imeligharimu 118,000, duka lisilosajiliwa halirudishiwi kitu, hivyo rola hiyo hiyo imeligharimu 139,240. Anayepanga bei ya kuuzia bila kujua yuko upande gani anaweza kuwa anauza waya kwa hasara huku akitabasamu.

Kisha kuna bawaba, ambazo hazikuonyesha kosa lolote. Ankara inasema 10 kwa 18,000, lakini hizo ni dazani, na dukani bawaba huuzwa kwa kipande. Ndiyo maana safu E ipo. Kipimo kikipotea, mtunza stoo ataingiza bawaba 10 kwa 18,000 kila moja, na wiki hiyo hiyo atashangaa rafu ina bawaba 120. Hifadhi kiasi na bei kama zilivyo kwenye karatasi, kisha weka safu mbili za ziada kwa ajili ya duka: vipande 120 kwa 1,500. Ukibadilisha namba za awali papo hapo, hutaweza tena kulinganisha jedwali na ankara.

Hesabu zote hizi zina mpaka: zinakagua namba, hazikagui majina. Tuseme programu imesoma waya wa 2.5 kuwa waya wa 1.5. Kiasi ni kile kile, bei ni ile ile, mstari unatoa sifuri na jumla inakubali. Stoo yako sasa ina rola saba za waya usioletewa. Kinachoweza kukushtua hapa ni historia. Ukiwa na ankara kadhaa kwenye jedwali moja, chuja bidhaa hiyo na utazame bei za nyuma. Waya mwembamba uliopanda ghafla hadi bei ya waya mnene utaonekana. Dawa nyingine ni orodha ya majina rasmi ya duka, kila bidhaa na jina moja, ili "waya 2.5", "cable 2.5mm" na "waya wa mbili nukta tano" vyote viishie kuwa kitu kimoja. Kazi ya kulinganisha majina ya muuzaji na majina yako ifanye kwa macho yako, mstari kwa mstari, ukiwa na mzigo wenyewe mbele yako. Ni sehemu pekee ya shughuli hii ambayo sijaona njia ya mkato yenye kuaminika.

Picha usiifute ukimaliza. Ipe jina lenye tarehe na namba ya ankara, kama `2025-04-03_1187.jpg`, namba ile ile iliyoko safu C. Risiti za mashine ya EFD huchapwa kwenye karatasi ya joto, na zikikaa kwenye droo ya duka lenye bati zinafifia hadi kuwa nyeupe, ilhali sheria ya usimamizi wa kodi inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5. Risiti ya namna hiyo ipigwe picha siku ile ile inapofika, hata kama huna muda wa kuiingiza kwenye jedwali hadi Jumapili.